Mita Mbili za Umeme

Ofisini walimwita Mama Risiti. Alilijua jina hilo na halikumuudhi. Alikuwa afisa mikopo wa chama cha akiba na mikopo kwa mwaka wa kumi na nne, meza ya tatu kutoka mlangoni, chini ya feni iliyozunguka kwa kulalamika. Hata nyumbani hakuacha. Mumewe, fundi wa saa, alizoea kurudi kutoka dukani na kuweka risiti ya sukari mezani kabla ya sukari yenyewe. "Chukua ushahidi wako," angesema, "ndipo tuchemshe chai."

Hakuzaliwa hivyo. Miaka tisa nyuma alimpitishia mkopo fundi cherehani mmoja, rafiki yake wa kuazimana viatu. Dhamana ilikuwa cherehani nne. Hakuomba risiti za cherehani hizo, maana mtu humuulizaje rafiki yake kama cherehani anazoshonea kila siku ni zake? Kumbe zilikuwa za mwenye nyumba. Rafiki alipohama mji, mzigo uliwaangukia wadhamini, na mmoja wao, mpishi wa shule, alikatwa mshahara miaka miwili. Mpishi yule hakumtukana hata siku moja. Wakikutana njiani anamwamkia vizuri, anauliza habari za nyumbani, anapita. Ingekuwa nafuu kama angemtukana.

Kwa hiyo Jumatatu ile, fomu ya Fundi ilipotua mezani pake ikiwa safi, imechapwa kwa kompyuta, kila kisanduku kimejazwa, Mama Risiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Fomu safi hazikumpa usingizi. Watu wa kweli hukosea tarehe ya kuzaliwa ya mke.

Mwombaji alikuwa fundi wa redio wa zamani aliyeacha redio na kuingia kwenye vifaranga. Jina la Fundi likabaki naye. Aliomba laki nne, anunue mashine kubwa ya kutotolesha, ya mayai elfu tano. Ile aliyo nayo ilichukua mayai elfu moja na hamsini. Aliandika kwamba anauza vifaranga elfu mbili na mia mbili kwa mwezi, kila kimoja mia moja. Akitoa mayai, umeme na chanjo, anabaki na elfu themanini na nne. Matumizi ya nyumbani elfu thelathini. Rejesho lingekuwa elfu thelathini na saba kwa mwezi, mwaka mzima. Pesa ya kulipa ipo, na inabaki. Dhamana: mashine ya sasa, "mali yangu mwenyewe, iko chumba cha biashara," pamoja na pikipiki. Mdhamini wa kwanza: baba yake mdogo, mwanachama wa siku nyingi, akiba nono.

"Hiyo ipite Ijumaa, mama," alisema meneja akipita na kikombe chake. Meneja alikuwa kijana kwake kwa miaka kumi na mitano, na mwisho wa robo mwaka ulikuwa unamkimbiza. "Kamati inakaa saa nne. Fundi namfahamu, hana mambo."

"Rafiki yangu wa cherehani naye hakuwa na mambo," alijibu Mama Risiti, bila kuinua macho.

Hakujua lolote kuhusu vifaranga, ila alijua kuuliza. Alimpigia mtu wa duka la dawa za mifugo, akaambiwa yai hukaa mashinani siku ishirini na moja, kisha mashine husafishwa siku moja au mbili. Akachukua kalamu. Siku ishirini na tatu, mwaka una siku mia tatu sitini na tano: mizunguko kumi na sita, si zaidi. Na si kila yai huanguliwa. Kwenye elfu moja na hamsini ukipata mia nane na arobaini umshukuru Mungu. Alizidisha, akagawa kwa miezi kumi na miwili. Elfu moja na mia moja, na ushee kidogo.

Fundi alikuwa ameandika mara mbili yake.

Hapo mtu mwingine angefunga faili na kuandika "mwongo" kwa lugha ya ofisi. Yeye alifungua taarifa ya simu ya Fundi, kurasa kumi na moja, akaanza kujumlisha pesa zilizoingia. Alitarajia kukuta nusu. Alijumlisha mwezi mmoja, akajumlisha wa pili. Laki mbili na kumi na nane. Laki mbili na ishirini na tatu. Mauzo yalikuwa ya kweli.

Sasa ndipo aliposhikwa na shaka hasa. Mwongo wa kawaida huandika mali asiyo nayo. Huyu alikuwa na vifaranga wengi kuliko mashine yake ilivyoweza kutoa. Mtu gani anaficha kitu ambacho kingemsaidia kupata mkopo?

*

Alikwenda kukagua Alhamisi asubuhi. Chumba cha biashara kilikuwa nyuma ya nyumba ya Fundi, kuta zimepakwa chokaa, joto limekaa humo kama mgeni asiyeondoka. Mashine ilisimama pembeni, mlango wazi, trei zimejaa maganda. Namba ya mashine ilifanana na ya kwenye risiti, na risiti ilikuwa halali. Kadi ya pikipiki ilikuwa na jina lake. Mke wa Fundi alileta kiti na maji ya kunywa, akasimama mlangoni mikono nyuma.

"Karibu mama, jisikie uko nyumbani," alisema Fundi. Alikuwa mtu mwembamba, mchangamfu, mikono haitulii. "Hii ndiyo ofisi. Mayai yote naingiza siku moja, yanatoka siku moja. Kazi ya nidhamu."

"Yote siku moja?"

"Yote. Ukichanganya tarehe unaharibu joto na unyevu."

Sakafuni kulikuwa na maboksi ya vifaranga, yametobolewa matundu, yanalia kama mvua ya bati. Mama Risiti aliinama. Kwenye boksi moja vifaranga walikuwa na unyevunyevu bado, wanayumba. Kwenye la pembeni walikuwa wakavu, wanadonoa na kurukiana.

"Hawa wanaonekana wakubwa kidogo."

"Hao wa Jumatatu. Mteja amechelewa kuwachukua. Hawa ndio wa leo alfajiri."

Alisema bila kufikiri, kisha akafikiri. Mama Risiti aliona lile neno likirudi usoni mwake.

"Mashine moja, mayai yote siku moja," alisema Mama Risiti polepole. "Leo umetotoa. Na Jumatatu umetotoa."

"Wa Jumatatu nilinunua kwa mwenzangu. Oda ilikuwa kubwa, nikaongezea."

"Ulimlipa kwa simu?"

"Taslimu."

Lilikuwa jibu zuri. Lingeweza kuwa kweli. Mama Risiti aliandika neno "taslimu" kwenye daftari lake, akalipigia mstari chini, akashukuru kwa maji. Mke wa Fundi, wakati wote ule, hakuwa amemtazama mumewe hata mara moja.

Mchana ule aliirudia taarifa ya simu, safari hii upande wa pesa zilizotoka. Mayai, mayai, chanjo, mafuta. Kila Ijumaa elfu mbili na mia tano kwenda namba moja ileile. Na tokeni za umeme. Hapo kidole chake kilisimama. Tokeni zilinunuliwa kwa mita mbili. Moja ilikuwa mita ya nyumba ile aliyotoka, aliinakili mwenyewe ukutani. Ya pili hakuijua, na ilikuwa inakula umeme sawasawa na ya kwanza, mwezi hata mwezi.

Nyumba ya kawaida, yenye taa tatu na redio, hailingani na mashine ya vifaranga kwa umeme.

Alimwita Fundi ofisini kesho yake asubuhi, kabla ya kamati. Hakumkaribisha kwa maneno mengi. Aligeuza karatasi, akaweka kalamu kwenye mita ya pili.

"Hii iko wapi?"

Fundi alitazama kalamu. Kisha alisimama, akafunga mlango, akakaa tena.

"Mama, nikikwambia, linabaki humu?"

"Linabaki kwenye faili. Faili inasomwa na mimi, meneja na kamati."

"Na wadhamini?"

"Wadhamini wanasoma fomu wanayosaini. Lazima wajue wanadhamini nini."

"Basi ndiyo hapo," alisema Fundi. "Ndiyo hapo hasa."

Mita ya pili ilikuwa ya nyumba ya marehemu kaka yake. Kaka alipofariki, baba mdogo alikuja msibani na lori. Alichukua pikapu, friji, hata mabati yaliyokuwa yamepangwa uani, akisema anaitunza mali ya ukoo. Mashine ya kutotolesha ilinusurika kwa sababu wiki ile ilikuwa kwa Fundi, inatengenezwa. Baba mdogo aliambiwa iliuzwa kulipa hospitali. Baadaye Fundi aliirudisha kwa mjane kimyakimya, ikawekwa chumba cha nyuma, na majirani wakiuliza kinachonguruma wanaambiwa ni friji la kuazima.

"Sasa ningeiandikaje kwenye fomu?" aliuliza. "Baba mdogo asaini, asome 'mashine ya pili kwa shemeji'? Kesho yake angefika na lori."

"Kwa hiyo ukachagua mdhamini ambaye unamficha mali."

"Ndiye mwenye akiba ya kutosha."

"Na faida ya mashine ile?"

"Tunagawana na shemeji. Nusu kwa nusu." Alisema hivyo akiwa amenyoosha mgongo. "Mimi si mtu wa kula mali ya yatima, mama."

Hadithi ilikuwa imekamilika, na ilikuwa inagusa. Mama Risiti aliihisi ikimvuta kama mtu anavyovutwa mkono kwenye umati. Akajizuia. Nusu ya faida ya mashine moja, kwa hesabu za Fundi mwenyewe, ni elfu ishirini na moja kwa mwezi. Zile elfu mbili na mia tano za kila Ijumaa, kama ndizo za shemeji, hazifiki hata elfu kumi na moja kwa mwezi.

"Nitaenda kumwona shemeji yako," alisema. "Kwa ruhusa yako. Bila wewe."

"Nenda," alisema Fundi.

Ijumaa ile kamati ilikaa bila faili ya Fundi. Meneja hakufurahi, na hakuficha.

*

Mjane alimpokea sebuleni, akasikiliza, kisha akaenda kusukuma kabati la nguo chumba cha nyuma. Mashine ilikuwa nyuma yake, imefunikwa shuka, mgongo wake unanguruma. Mama Risiti aliandika namba ya mashine, akaomba karatasi za umiliki. Mjane alileta mfuko wa plastiki: risiti ya ununuzi kwa jina la mumewe, cheti cha ndoa, cheti cha kifo, na barua ya mahakama inayompa usimamizi wa mirathi. Kila kitu kilikuwepo, kimekunjwa vizuri.

"Una barua hii, na bado unaificha mashine?"

"Barua haifungi mlango, dada."

Mama Risiti alikubali kwa kichwa. Kisha akasema alichojiandaa kusema. "Sikuja kukwambia habari za shemeji yako. Siwezi, na usiniulize. Ila lazima nijue mmekubaliana nini juu ya mashine hii, maana mkopo wake unaitegemea. Mnalipana kwa wiki au kwa kifaranga?"

"Kwa wiki. Elfu mbili na mia tano. Anasema ni nusu."

"Nusu ya nini?"

Mjane aligeuka kuitazama mashine.

"Vifaranga wakitoka, nani anawahesabu?"

"Yeye. Mimi naangalia joto, naongeza maji, nasafisha trei. Anakuja na maboksi, anapakia, anaondoka."

"Kabla ya ndoa ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Keshia. Duka la vipuri, miaka sita." Mjane alimtazama. "Mbona unauliza?"

"Basi tu. Naandika."

Njiani kurudi, Mama Risiti hakuwa na raha. Alijiuliza kama amevuka mpaka. Hakutoa hata tarakimu moja ya mteja, lakini alijua vizuri swali lile la "nusu ya nini" lilikuwa limebaki sebuleni kule, limekaa kwenye kiti. Alijiuliza pia jambo jingine: vipi kama mjane naye anamchezea? Mfuko umepangwa vizuri mno. Usiku ule mumewe alimuuliza mbona hali chakula. Akasema anajumlisha.

Wiki tatu baadaye, mayai ya mashine ile yalipoanguliwa, Fundi aliingia ofisini bila kubisha.

"Ulimwambia nini shemeji yangu?"

"Sikumwambia kitu. Nilimuuliza."

"Amehesabu vifaranga. Juzi, mmoja mmoja, mpaka mia nane na thelathini na saba, mimi nimesimama na maboksi kama mwizi." Alikaa kwa kishindo. "Unajua nani anayelipa ada ya watoto wake wawili? Mimi." Akatoa risiti za shule, akazipanga mezani. "Wewe si unapenda risiti? Soma."

Alizisoma. Zilikuwa halali, za mihula mitatu. Elfu tisa kwa muhula wa miezi mitatu, yaani elfu tatu kwa mwezi. Mama Risiti aliona haya kidogo, maana kwa wiki hizo alikuwa amemweka mtu huyu kundi moja na baba mdogo. Hata hivyo aliandika kwenye karatasi chakavu: kumi na moja, jumlisha tatu, kumi na nne; ishirini na moja, toa kumi na nne, saba. Akaigeuza Fundi aione.

"Kwanza, ada hii haimo kwenye fomu yako. Ni matumizi, na uliyaficha. Pili, bado elfu saba kila mwezi."

Fundi aliitazama ile saba. Mikono yake, kwa mara ya kwanza, ilitulia.

"Kuna hatari," alisema. "Mayai yakioza ni yangu. Umeme ukikatika ni wangu. Usafiri..."

"Inawezekana. Umemwambia?"

Fundi aligeukia mlango. Nje, mtu alikuwa anapigiwa muhuri kitabu chake, tap, tap, tap.

"Sikiliza, kaka," alisema Mama Risiti, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Sikuhukumu mimi. Kazi yangu ni moja: mwezi wa nne shemeji yako akisema 'toa mkono kwenye mashine yangu', utanilipa kwa pesa gani? Kwa mashine yako peke yake unabaki na elfu arobaini na mbili. Toa nyumba, unabaki na kumi na mbili. Rejesho ni thelathini na saba. Mpango wako wote umesimama juu ya neno la mtu ambaye hakujua anasimamishiwa nini."

Fundi alizikusanya risiti za ada taratibu, moja juu ya nyingine. "Kwa hiyo umekataa."

"Nimekataa hii. Lete nyingine."

Ilimchukua wiki tatu. Aliporudi hakuja peke yake. Mjane alikuwa naye, wamekaa viti viwili vilivyoachana kidogo. Walileta mkataba wa kukodi mashine, umeshuhudiwa na wakili: nusu ya faida kwa kila mzunguko, hesabu wanaifanya wote wawili, ada ya watoto mjane analipa mwenyewe, mkataba wa miaka miwili. Fomu mpya ilijazwa kwa mkono, na ilikuwa na makosa mawili yaliyofutwa, jambo lililompendeza Mama Risiti kuliko alivyoonyesha.

Tarakimu sasa zilishikana. Arobaini na mbili za mashine yake, ishirini na moja za nusu ya shemeji, toa thelathini za nyumba: thelathini na tatu. Mama Risiti hakutaka rejesho lipite nusu ya hiyo, na mapato ya mashine ambayo haijanunuliwa alikataa kuyahesabu. Ikatoka laki moja na sabini na tano badala ya laki nne, rejesho elfu kumi na sita na mia mbili. Kwa pesa hiyo Fundi angepata mashine ya mitumba ya mayai elfu mbili. Rejesho la kwanza lilisogezwa mwezi mmoja mbele, maana kabla ya siku ishirini na moja hakuna kifaranga wa kuuza. Dhamana: pikipiki, mashine yake ya zamani, na hiyo mpya, basi. Ya mjane iliandikwa kama ya kukodi na haikuguswa. Wadhamini walikuwa mwalimu mmoja na yule wa duka la dawa za mifugo. Baba mdogo hakuwemo.

Lakini baba mdogo alikuja. Alifika kaunta siku mbili kabla ya kamati, mtu mnene wa sauti ya chini, akaulizia kwa upole.

"Mimi nilisaini fomu ya kijana wangu. Nasikia imebadilishwa. Ningependa kuiona tu, mama, kama mzazi."

"Fomu uliyosaini iliondolewa, baba. Hudaiwi kitu na akiba yako iko huru."

"Na hiyo mpya?"

"Hiyo si yako."

Alitabasamu. "Kijana ana mashine ngapi siku hizi?"

Mama Risiti alifunga faili iliyokuwa mbele yake, ambayo wala haikuwa ya Fundi. "Ukitaka kujua, muulize kijana."

Yule mzee alikaa kidogo, akaangalia feni, akaondoka. Mama Risiti alimwandikia mjane namba ya afisa wa mahakama aliyetia sahihi barua ya mirathi, kwa tahadhari. Aliandika pia kwenye faili: tarehe, saa, nani alikuja, alitaka nini.

Kamati ilipitisha. Meneja alisema kwa namna hii wataifunga robo mwaka wakiwa wanatambaa, na Mama Risiti akamwambia kutambaa si aibu. Fundi alilipa. Si vizuri sana: mwezi wa baridi mayai mengi yaliharibika, akachelewa siku tisa, na mwezi mwingine siku nne. Kila alipochelewa alikuja mwenyewe kusema kabla ya kupigiwa simu. Mama Risiti aliandika hilo pia. Kama alimpenda, hakumwambia, na kama alimwamini, ilikuwa kwa mwezi mmoja mmoja.

Mwaka uliofuata mjane alikuja peke yake, akakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani. Alitaka kujiunga na chama, na mbeleni aombe mkopo wake mwenyewe. Mama Risiti alimtajia mahitaji: kitambulisho, picha mbili, akiba ya miezi sita, taarifa ya simu, hati ya dhamana.

"Niandikie," alisema mjane.

"Ni mambo matano tu, dada."

"Niandikie hata hivyo. Na uweke sahihi, tarehe na muhuri. Isije kesho mkaniambia ni sita."

Mama Risiti alimtazama juu ya miwani. Kisha alivuta karatasi yenye nembo ya ofisi, akaanza kuandika, kwa mwandiko mzuri.